Usijaze sketi ndani ya umbo la suruali

"Wakuu, kuna dada kapiga picha ufukweni Shangani kavaa suruali, anataka ionekane sketi ndefu. Nikichagua suruali tu kwenye Photoshop nikajaza kitambaa, itatoka?"

Haitatoka! Acha kabla hujaanza. Aliyenifundisha studio Lindi alinikaririsha hivyohivyo, "chagua suruali, jaza kitambaa", na picha ya bibi harusi ikachapwa kubwa kabla mama yake hajauliza kwa nini sketi ina miguu miwili. Gharama ya kuchapa upya ilinishukia mimi, mwalimu akakaa kimya. Mpaka leo namlaumu.

Suruali inashika kila mguu peke yake. Sketi inaning'inia kutoka kiunoni na nyonga, kwa hiyo mchanga na maji yanayoonekana katikati ya miguu lazima yafunikwe, na kitambaa kitoke hata nje ya mapaja. Ndiyo maana nasema chora pindo kwanza. Fungua leya tupu, teremsha mstari kutoka kila nyonga hadi kwenye vifundo, kisha unganisha chini. Kama kamera ilikuwa usawa wa kifua, pindo la mbele lijipinde kidogo kushuka katikati. Ukilinyoosha kama rula, sketi inakuwa ubao.

Chukua mfano wa picha ile ya harusi: bibi harusi alisimama kwa mguu mmoja, goti la pili limekunjwa mbele, upepo wa kusi unampeleka mtandio kushoto kwa picha. Upande wa mguu uliobeba uzito, mikunjo inashuka wima kutoka nyonga. Kwenye goti kitambaa kinavutika: hapo juu kiwe laini, mikunjo ianzie gotini ikitawanyika kwenda pindoni. Upepo unatoka kulia, basi kulia sketi imbane hadi umbo la paja lionekane, kitambaa kilicholegea kipeperuke kushoto, upande uleule wa mtandio. Mtandio ukienda huku na sketi kule, hata mtoto atakuuliza.

Sketi yenyewe uikate kwenye picha ya mtu aliyesimama karibu hivyohivyo, uivute kwa Warp ifuate mistari yako, na mikunjo iliyopungua uitie kivuli kwenye leya ya Multiply. Miguu ikiwa imeachana sana, sketi ya kubana haiwezekani kabisa, tafuta pana.

Halafu tazama mchanga. Jua la jioni linalaza kivuli kirefu, na kivuli cha suruali kina mwanya wa mwanga katikati. Watu wanahangaika na sketi wanauacha mwanya ule. Uzibe, upanue kivuli kifuate pindo jipya.

Kinyume chake, sketi kuwa suruali, ni kazi ngumu zaidi, maana miguu haionekani na nyuma yake hakuna mchanga wa kurudisha, lazima ubuni vyote viwili. Mteja anayetaka hivyo mwambie avae suruali, mrudi ufukweni mpige upya.