Riba fiksi au inayobadilika? Nilivyoamua kwenye mkopo wa miaka kumi

Tangu watu wajue nilikopa benki kumalizia vyumba vya wanafunzi huku Iyunga, Mbeya, swali ninaloulizwa zaidi ni kama nilichukua riba fiksi au inayobadilika. Nikijibu fiksi, wengi wananitazama kwa huruma. Mwanjelwa yote inajua kwamba riba zinashuka, sasa kwa nini mtu ajifunge kwenye asilimia 16 kwa miaka kumi?

Ofa nilizopewa zilikuwa mbili, kwa mkopo uleule wa shilingi milioni 60 na rehani ileile ya hati ya nyumba. Ya kwanza ilikuwa asilimia 16 bila kubadilika. Ya pili ilianza na asilimia 17, ikipanda au kushuka kadiri soko litakavyokwenda. Hapo tayari kuna jambo la kutazama. Kama benki inakupa fiksi kwa bei ya chini kuliko inayobadilika, maana yake na yenyewe inategemea riba zishuke, na imeshaingiza sehemu ya mshuko huo kwenye fiksi yako. Ukichagua inayobadilika hushindi kwa sababu tu riba zimeshuka. Unashinda zikishuka zaidi ya benki ilivyotarajia, na mapema zaidi.

Lakini nianze na lile neno "riba zinashuka". Riba ipi? Benki Kuu ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu kama chombo chake cha sera Januari 2024, ikaiweka asilimia 5.5. Aprili mwaka huohuo ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Hiyo ndiyo habari inayosomwa redioni na watu wakaanza kupiga hesabu. Tatizo ni kwamba riba hiyo inagusa kwanza mikopo ya siku chache ambayo mabenki yanapeana yenyewe kwa yenyewe. Mkopo wako uko mbali na hapo. Kati yenu kuna amana za wateja ambazo benki inazilipia riba, kuna mikopo chechefu ya wengine, kuna gharama za matawi na mishahara. Mwezi Mei 2020 Benki Kuu ilishusha riba yake ya kukopesha mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, pointi mbili nzima kwa mkupuo, na wastani wa riba wanazotozwa wakopaji wa kawaida ukabaki karibu palepale, kwenye 16 na ushee. Kwa miaka yote tangu hapo wastani huo umetembea taratibu sana, kutoka karibu 17 kuja karibu 15.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichomwomba afisa mikopo ni kunionyesha, ndani ya barua ya ofa, riba yangu imefungwa kwenye nini. Alinifungulia ukurasa ulioandikwa kwamba riba ni "riba msingi ya benki, kuongeza asilimia" kadhaa. Nikamuuliza:

"Hii riba msingi anaipanga nani?"

"Kamati ya benki, mwalimu."

"Na mara ya mwisho ilishuka lini?"

Akacheka kidogo, akasema atauliza makao makuu. Alikuwa kijana mkweli, simlaumu. Ila jibu hilo lilinitosha. Riba inayobadilika kwa uamuzi wa kamati ya anayekudai itapanda haraka gharama zao zikipanda, na itashuka wakijisikia. Ingekuwa imefungwa kwenye riba ya dhamana za serikali za siku 364, ningeifikiria kwa uzito, kwa sababu matokeo ya minada yake hutangazwa, na wewe mwenyewe unaweza kuona imeshuka kabla benki haijakupigia simu. Iwe hivyo, bado ungetafuta mambo mawili: inapitiwa kila baada ya miezi mingapi, na kama kuna kiwango cha chini ambacho riba yako haiwezi kupita hata soko likianguka. Hicho kiwango cha chini huwa kimejificha kwenye sentensi fupi. Inayobadilika yenye sakafu ya asilimia 15 na isiyo na dari ni mchezo ambao upande wako wa kushinda umekatwa.

Sasa hesabu. Nilikaa na jedwali la kompyuta jioni moja, kuna baridi la Juni la huku kwetu ambalo hata hivyo halikuruhusu kutoka. Kwa fiksi ya 16, rejesho la kila mwezi ni kama 1,005,000. Kwa inayobadilika ya 17, linaanza na 1,043,000. Tofauti ni karibu 38,000 kwa mwezi, na hiyo unailipa kila mwezi unaposubiri riba ishuke.

Tuseme unasubiri miaka mitatu, halafu riba inashuka kutoka 17 hadi 15. Mshuko wa pointi mbili kwa historia yetu ni mkubwa. Rejesho lako linakuwa karibu 985,000, yaani unalipa pungufu ya mwenye fiksi kwa shilingi 20,000 hivi kila mwezi kwa miaka saba iliyobaki. Jumla ni milioni 1.7. Toa milioni 1.36 uliyolipa zaidi katika ile miaka mitatu, unabaki na kama laki tatu na nusu. Kwa miaka kumi. Mimi sichezi kamari ya milioni 60 kwa faida ya laki tatu na nusu.

Riba ingeshuka hadi 14 baada ya miaka miwili tu, mambo yangekuwa mengine kabisa: faida ingefika kama milioni 4.6. Hiyo ni pesa ya kweli. Upande wa pili, ikipanda hadi 19 baada ya mwaka mmoja, rejesho linaruka hadi 1,115,000. Utaona kwamba kinachoamua ni lini, kuliko hata kiasi gani. Riba unailipa kwenye salio, na salio ni kubwa miaka ya mwanzo. Mshuko unaokuja mwaka wa saba unakukuta umeshalipa sehemu kubwa ya riba yote ya mkopo, hauna cha kukusaidia. Anayekwambia "kwa muda mrefu riba zitashuka tu" anaweza kuwa sahihi na bado ukapata hasara.

Kilichonifanya nisaini fiksi, hata hivyo, hakikuwa hesabu hiyo peke yake. Ilikuwa kipengele cha kumaliza mkopo mapema. Fiksi unayoweza kuitoka kwa bei nafuu inakupa pande zote mbili: riba zikipanda umekaa salama, zikishuka unahamia kwingine au unarudi kwa benki yako kuomba upya. Kwenye ofa yangu adhabu ilikuwa asilimia 3 ya salio. Baada ya miaka mitatu salio lingekuwa kama milioni 50.6, kwa hiyo kutoka tu ni milioni 1.5. Ongeza ada ya mkopo mpya, mthamini, kufuta rehani na kusajili nyingine, bima mpya. Hata benki nyingine ikikupa 14, ambayo ingeokoa kama milioni 4.8 kwa miaka saba iliyobaki, nusu yake inaweza kuishia kwenye hizo ada. Na ikikupa 15 haikulipi kuhama.

Basi nguvu zangu zote za kubishana niliziweka hapo, sikugusa riba. Maafisa mikopo wamezoea kubembelezwa kuhusu riba na wana majibu tayari. Kuhusu adhabu ya kutoka hawajazoea, na mara nyingi meneja wa tawi anaweza kupeleka maombi hayo makao makuu bila tabu. Nilipata asilimia 1 baada ya mwaka wa tatu, na zaidi ya hapo, ruhusa ya kupunguza deni kwa mkupuo mara mbili kwa mwaka bila adhabu yoyote.

Hiyo ruhusa ya pili, wenzangu wenye vyumba vya wanafunzi, ina thamani kuliko mjadala wote wa fiksi na isiyo fiksi. Wapangaji wetu wanalipa kwa muhula. Pesa inakuja kwa wingi chuo kikifunguliwa, halafu miezi ya likizo ni ukame. Chukulia umepata milioni 5 ya ziada mwishoni mwa mwaka wa kwanza, ukaiingiza kwenye deni na ukaendelea kulipa rejesho lilelile la 1,005,000. Mkopo unaisha karibu miezi 18 kabla ya wakati. Ni marejesho ya zaidi ya milioni 18 ambayo hutayalipa, kwa milioni 5. Hakuna mshuko wa riba niliouona nchini utakaokupa hivyo. Ila uandike kwa barua kwamba unataka muda upungue na rejesho libaki. Usiposema, benki nyingi zitakupunguzia rejesho na kuacha muda ulivyo, nawe utakuwa umenunua unafuu mdogo wa kila mwezi badala ya miezi 18.

Shemeji yangu wa Mafinga, anayeuza mbao, alichukua inayobadilika na sioni kama alikosea. Mkopo wake ulikuwa wa miaka mitatu, bei za mbao anazipandisha mwenyewe gharama zikipanda, na mkataba wake ulifungwa kwenye dhamana za serikali. Mimi kodi ya chumba siwezi kuipandisha katikati ya mwaka wa masomo. Wanafunzi watahamia kwa jirani wiki hiyohiyo. Mapato yasiyonyanyuka yanaogopa rejesho linalonyanyuka.

Jambo la mwisho ni kuhusu neno "fiksi" lenyewe. Soma masharti ya jumla, yale ya maandishi madogo yanayoambatanishwa nyuma ya ofa. Nilikuta humo sentensi inayoipa benki haki ya kubadilisha riba "wakati wowote kwa kutoa taarifa", ilhali ukurasa wa mbele unasema riba haibadiliki. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki ikueleze masharti na gharama wazi kabla hujasaini, kwa hiyo kuuliza si usumbufu. Niliomba sentensi ile ifutwe. Ikakataliwa, nikaomba basi ukurasa wa mbele uongezwe maneno kwamba pale masharti mawili yanapogongana, ofa ndiyo inayosimama. Walichukua wiki nzima kunijibu, na waliyaongeza. Ofa hiyo, jedwali la marejesho lililogongwa muhuri, na barua ya ruhusa ya kupunguza deni nimevihifadhi pamoja na nakala ya hati ya nyumba, kwa sababu afisa mikopo yule ameshahamishiwa Songea.