Maswali na Majibu: Kiini cha Green katika Mlinganyo wa Daraja la Pili

Mwalimu, nimezoea kutafuta jawabu maalumu la mlinganyo, kisha A na B kutokana na masharti ya mipakani. Kiini cha Green kitanisaidia nini zaidi ya hapo? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kitakusaidia pale upande wa kulia unapobadilika. Kwa njia uliyoizoea, kila unapopewa f(x) mpya huna budi kuanza upya: kubuni umbo la jawabu maalumu, kuliweka katika mlinganyo, kisha kutafuta A na B. Kiini hujengwa mara moja tu, kutokana na upande wa kushoto wa mlinganyo pamoja na mipaka yake, na baada ya hapo jawabu la f yoyote ni intigrali moja:

y(x) = ∫ G(x,s) f(s) ds

Hata kama f imetokana na vipimo na haina fomula, intigrali hiyo bado inakokotoleka. Ikiwa f yako ni moja tu, tena ni rahisi kama x au e^x, endelea na njia ya zamani, maana utamaliza mapema zaidi.

Naomba utuonyeshe jinsi kiini kinavyojengwa, hatua kwa hatua, kwa mfano wenye tarakimu. (Msomaji, Mombasa)

Tuchukue mlinganyo y'' + y = f(x) kati ya x = 0 na x = π/2, kwa masharti y(0) = 0 na y(π/2) = 0. Napenda mfano huu kwa sababu hesabu zake ni fupi na kila hatua inaweza kuhakikiwa kwa mkono.

Kwanza tunaweka sifuri upande wa kulia na kutafuta majawabu mawili ya y'' + y = 0. Hatuchukui mawili yoyote yanayojitokeza. Tunataka la kwanza, u₁, litimize sharti la mpaka wa kushoto peke yake, na la pili, u₂, litimize sharti la mpaka wa kulia peke yake. Hapa u₁ = sin x, kwa kuwa sin 0 = 0, na u₂ = cos x, kwa kuwa cos(π/2) = 0.

Pili tunakokotoa Ronskiani ya majawabu hayo mawili:

W = u₁u₂' − u₁'u₂ = −sin²x − cos²x = −1

Tatu tunaunganisha. Kiini ni u₁ ya herufi iliyo ndogo kati ya x na s, mara u₂ ya herufi iliyo kubwa, gawanya kwa W. Kwa hiyo:

G(x,s) = −sin x cos s, ikiwa x < s
G(x,s) = −sin s cos x, ikiwa x > s

Tazama jinsi mipaka inavyojitimiza yenyewe. Ukiweka x = 0, basi x ndiyo ndogo, na sin 0 inaifanya G kuwa sifuri; ukiweka x = π/2, x ndiyo kubwa, na cos(π/2) inafanya vilevile. Ndiyo maana hatutafuti tena A na B mwishoni.

Sasa tujaribu f(x) = x. Intigrali lazima ivunjwe mahali ambapo s = x, kwa sababu fomula ya G inabadilika hapo. Kutoka 0 hadi x, herufi ndogo ni s. Kutoka x hadi π/2, herufi ndogo ni x:

y(x) = −cos x ∫₀ˣ s sin s ds − sin x ∫ₓ^(π/2) s cos s ds

Intigrali ya kwanza ni sin x − x cos x, na ya pili ni π/2 − x sin x − cos x. Ukizizidisha na kujumlisha, sin x cos x inajitokeza mara mbili kwa ishara zinazopingana na hivyo inafutika, kisha x cos²x na x sin²x zinaungana kuwa x. Kinachobaki ni:

y(x) = x − (π/2) sin x

Hakiki: y'' = (π/2) sin x, kwa hiyo y'' + y = x kama ilivyotakiwa, na y ni sifuri kwenye mipaka yote miwili. Upo pia uhakiki wa haraka kuliko huo. G yetu ni hasi popote ndani ya mipaka, kwa hiyo f iliyo chanya haina budi kuzaa y iliyo hasi. Katikati, x = π/4, tunapata 0.785 − 1.111, yaani takriban −0.325. Ukiona jawabu chanya hapo, basi umepoteza ishara ya kutoa iliyomo ndani ya W, na hilo ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi katika mfano huu.

Kitabu kinasema G lazima iendelee bila kukatika kwenye x = s, lakini mteremko wake uruke. Kwa nini? (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

Fikiria uzi uliovutwa ukakaza, kisha ukaubonyeza kwa ncha ya kalamu mahali pamoja. Uzi haukatiki, unapinda na kufanya kona pale penye kalamu. G(x,s) ni umbo la kona hiyo: inaeleza mwitikio wa mahali x wakati mzigo wote, wenye jumla ya 1, umewekwa kwenye s peke yake. Kisha intigrali inajumlisha miitikio ya mizigo midogo midogo f(s) ds iliyotandazwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Ukubwa wa mruko unatokana na mlinganyo wenyewe. Fanya intigrali ya G'' + G katika ukanda mwembamba unaozunguka s. Upande wa kulia unatoa 1, kwa sababu mzigo wote umo ndani ya ukanda. Upande wa kushoto, intigrali ya G inaelekea sifuri kadiri ukanda unavyozidi kuwa mwembamba, na kinachobaki ni tofauti ya mteremko kati ya kulia na kushoto kwa s. Kwa hiyo mruko ni 1. Katika mfano wetu, mteremko kushoto kwa s ni −cos²s na kulia ni sin²s. Ukitoa ule wa kushoto katika ule wa kulia, unapata 1 kamili. Ninawasihi wanafunzi wafanye hesabu hii fupi kila wanapomaliza kujenga kiini, kabla hawajagusa intigrali yoyote, kwa kuwa inafichua makosa ya ishara na ya kigawanyo kwa pamoja.

Nilitatua xy'' + y' = 1 kati ya 1 na e, y ikiwa sifuri kwenye mipaka yote miwili. Nilifuata hatua zote lakini jawabu langu halirudishi 1. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Kampala)

Umegawanya kwa W peke yake, wakati mbele ya y'' kuna x. Ile 1 ya mruko katika jibu lililotangulia ilipatikana kwa sababu y'' haikuwa na kizidishi chochote. Ikiwa mbele yake pana a(x), basi ni a(s) mara mruko ndiyo inayotoa 1, na kigawanyo cha kiini kinakuwa a(s)W(s).

Kwako u₁ = ln x, ambayo ni sifuri kwenye 1, na u₂ = ln x − 1, ambayo ni sifuri kwenye e. Ronskiani ni 1/x. Ukizidisha kwa x iliyo mbele ya y'' unapata 1, kwa hiyo G ni ln ya herufi ndogo mara (ln ya herufi kubwa − 1), bila kigawanyo kingine. Jawabu sahihi ni:

y = x − 1 − (e − 1) ln x

Wewe, kwa kugawanya kwa 1/s, umeingiza s ya ziada ndani ya intigrali, na bila kujua ukawa umetatua xy'' + y' = x. Ukiweka jawabu lako katika mlinganyo utaona linarudisha x badala ya 1, na hiyo ndiyo alama ya kosa hili. Kama umependa kugawanya mlinganyo wote kwa x mwanzoni, ni sawa kabisa, na hapo W peke yake inatosha. Lakini f yako sasa ni 1/x, wala si 1. Huruhusiwi kuchukua kiini cha mlinganyo uliogawanywa na f ya ule ambao haukugawanywa.

Nikiupeleka mpaka wa kulia hadi π katika y'' + y = f, W inakuwa sifuri. Je, mlinganyo hauna jawabu? (Msomaji, Bujumbura)

Inategemea f. Kwenye mipaka 0 na π, sin x inatimiza masharti yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo u₁ na u₂ ni kitu kilekile na hakuna kiini cha aina tuliyoijenga. Zidisha mlinganyo kwa sin x, fanya intigrali kutoka 0 hadi π, kisha hamisha y'' kwa intigrali ya sehemu mara mbili: upande wa kushoto unafutika wote, na unabaki na sharti kwamba ∫ f(x) sin x dx lazima iwe sifuri.

Kwa f = x, intigrali hiyo ni π, kwa hiyo hakuna jawabu hata moja. Kwa f = cos x, intigrali ni sifuri, na majawabu hayana idadi: y = (x/2) sin x + C sin x, kwa C yoyote.

Hatari hiyo huanza kabla hujafika π. Mpaka ukiwa L, kigawanyo cha kiini ni −sin L. Ukichukua L = 3.1, sin L ni takriban 0.0416, na kila kitu kinazidishwa mara 24 hivi, pamoja na makosa ya vipimo yaliyomo ndani ya f. Anayekokotoa kwa kompyuta atapata jawabu, wala mashine haitalalamika, lakini asiliamini kabla hajautazama ukubwa wa kigawanyo hicho.

Je, kama mipakani hakuna sifuri, bali y(0) = 2 na y(π/2) = 5? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kiini hakibadiliki. Ongeza tu jawabu la y'' + y = 0 linalobeba thamani hizo, yaani 2 cos x + 5 sin x. Kwa f = x jawabu zima linakuwa y = x + 2 cos x + (5 − π/2) sin x.