Mabaki yote madogo, ila nukta moja imebeba mstari

"Wakuu, nimepiga rigresheni ya mavuno kwa ukubwa wa shamba. Mabaki nimeyakagua, hakuna hata moja kubwa. Msimamizi anashikilia kwamba shamba moja ndilo linalobeba mstari mzima. Anaona nini ambacho mimi sikioni?"

Mkuu, huenda anatazama mhimili wa x. Nikifundisha wageni ofisini huanza na data za Anscombe za mwaka 1973, maana zimo ndani ya R tayari. Fungua seti ya nne:

```r
m <- lm(y4 ~ x4, data = anscombe)
hatvalues(m)
resid(m)
```

Nukta ni 11. Kumi zina x = 8, moja iko peke yake kwenye x = 19. Mstari unatoka na mteremko wa 0.5 na R² ya 0.67, matokeo ambayo wengi wangeyaweka kwenye ripoti bila kusita. Sasa tazama baki la ile nukta ya 19: ni sifuri.

Sababu ni nguvu ya wenzo, yaani h, uwezo wa nukta kuuvuta mstari kwake, ambayo hutegemea x tu:

h = 1/n + (x − wastani wa x)² / Sxx

Sxx ni jumla ya miraba ya umbali wa kila x kutoka kwenye wastani. Hapa wastani ni 9 na Sxx ni 110, kwa hiyo h = 1/11 + 100/110 = 1. Haiwezi kuzidi hapo. Na kwa kuwa varianzi ya baki ni σ²(1 − h), h ikikaribia 1 mstari hauna budi kupita karibu na nukta hiyo, hata y yake iwe ya ajabu namna gani. Ndiyo maana mabaki yalikuficha. Iondoe hiyo nukta na R itakupa NA kwenye mteremko, kwa sababu x zote zilizobaki ni 8.

Seti ya tatu ni kisa kingine. Nukta ya x = 13 ina h ya 0.24 tu, ila y yake imeruka juu. Baki ni kama 3.2, unaliona kwa macho. Ukiitoa, mteremko unashuka kutoka 0.50 hadi 0.35. Umbali wa Cook, unaochanganya baki na wenzo, unaikamata kwa 1.39. Kwenye seti ya nne kipimo hichohicho kinatoa NaN, maana kinagawanya kwa (1 − h)². Mimi huanza na h, Cook baadaye.

Kwa shamba lako, piga rigresheni mara mbili, nalo likiwemo na likitolewa, ulinganishe miteremko. Ikiachana sana, rudi kwenye fomu ya dodoso: je, ekari 40 ni 4.0 iliyopoteza nukta ya desimali? Kama ni shamba la kweli, usilifute. Andika matokeo yote mawili, na useme wazi kwamba kati ya mashamba madogo na hilo kubwa huna data. Mstari wako hapo katikati ni makisio tu. Kutumia logi ya ukubwa kunaweza kulisogeza karibu na wenzake, ila mteremko utausoma kwa namna nyingine.