Kukata kuni, kukata umeme, kukata rufaa: maana ngapi?

*Shikamoo mwalimu. Natengeneza kamusi ndogo ya Kiswahili ya kutumika kwenye simu. Nimekusanya matini za magazeti na blogu, maneno kama milioni 2. Nilipofika kwenye "kata" nimepata maana 23, wakati kamusi niliyo nayo mezani ina chache mno. Niziweke zote? Na je, ipo programu ya kuzitenganisha maana yenyewe, ili nisisome mistari yote hiyo?*

Marahaba. Kabla hujaziweka, nieleze ulivyozipata hizo 23. Nadhani najua, kwa sababu karibu kila orodha ya aina hii inayonifikia imetengenezwa vilevile: mtu anasoma mfano, anatafuta Kiingereza chake, na kila Kiingereza kikibadilika anaandika maana mpya. Kukata nyasi kuna kitenzi chake kwa Kiingereza, kukata kuni kuna kingine, kukata keki vipande kuna cha tatu, na kukata nywele pia watu wana neno lao. Basi tayari maana nne. Lakini Mswahili anayekata nyasi, kuni, keki na nywele anafanya kitendo kimoja: anatenganisha kitu kwa chombo chenye makali. Hizo nne ni maana moja yenye mifano minne. Ukizitenga, unakuwa umeeleza Kiingereza kinavyogawa dunia, na msomaji wako hajauliza hilo.

Programu ipo ya kukuletea mistari, kuipanga na kuhesabu maneno yanayoandamana. Ya kuiachia uamuzi wa maana bila kusoma mwenyewe haipo. Adam Kilgarriff, mmoja wa waanzilishi wa Sketch Engine, chombo kinachotumiwa sana na watunga kamusi, aliandika mwaka 1997 kwamba yeye haamini kuwa maana za neno zipo tu zikisubiri kuhesabiwa. Kilichopo ni matumizi, nasi tunayakusanya mafungu kulingana na kazi ya kamusi. Mtu aliyejenga mashine yenyewe anasema hivyo, halafu kuna watu wanauza programu za simu wakidai "kompyuta imechambua maana zote". Hiyo si kweli.

Sasa tuichukue kata yako mwanzo hadi mwisho.

Shida ya kwanza ni kuipata mistari iliyo sahihi. Kitenzi cha Kiswahili hakikai peke yake. Kiko ndani ya alikata, hawakati, tumekatwa, umekatika, atanikatia. Usitafute "kata" tupu. Anza kwa kuorodhesha maumbo makuu yanayoishia kwa shina hilo na vinyambuo vyake:

```
tr 'A-Z' 'a-z' < matini.txt \
 | grep -owE "[a-z]*kat(a|e|i|wa|ia|iwa|ika|isha)" \
 | sort | uniq -c | sort -rn | head -60
```

Juu kabisa ya orodha utakuta *katika*, *wakati* na *kati*, na chini kidogo *mkakati* na *mkate*. Hakuna hata moja kati ya hizo linalokuhusu, isipokuwa kwa nadra, na zikibaki zitazamisha kila kitu. *Katika* iliyo tupu ifute, kwa kuwa kitenzi chenye umbo hilo karibu kila mara huja na viambishi mbele: umekatika, ulikatika, kukatika. *Hawakati* ibakize. *Mkate* haina dawa ila kusoma, maana inaweza kuwa chakula na inaweza kuwa "ninyi mkate". Pitia maumbo 60 hayo kwa jicho, andika yanayobaki, kisha utafute mistari ya hayo tu, kila mstari uwe na maneno manane au kumi kila upande.

Hapo utabaki na mistari mingi. Usisome 300 ya mwanzo, kwa sababu yote itakuwa imetoka kwenye gazeti moja, labda wiki moja ya kesi moja, na utaamini kwamba kata kazi yake kubwa ni rufaa. Ichanganye kwa `shuf -n 300`, na kabla ya hapo futa nakala. Habari moja hunakiliwa kwenye blogu ishirini neno kwa neno. Ushahidi wako ni idadi ya waandishi tofauti, wala si idadi ya mistari. Kwa mradi wa ukubwa wako, ningetaka matumizi yaonekane kwa waandishi watano wasiohusiana kabla ya kuyaandikia maana.

Kisha panga mistari kwa neno linalofuata kitenzi. Kwa Kiswahili hii ndiyo hatua inayolipa kuliko zote, kwa kuwa yambwa hukaa hapohapo kuliani. Utaona mafungu yakijitokeza: kuni, mti, kamba, nyama, umeme, maji, simu, mshahara, kodi, mkopo, tiketi, bima, leseni, risiti, rufaa, tamaa, shauri, roho, kiu. Mafungu haya bado si maana. Ni dhana za kupimwa, na vipimo vinavyofaa Kiswahili ni vichache.

Cha kwanza ni kuunganisha. "Wamekata umeme na maji" inapita bila shida, kwa hiyo umeme na maji ni fungu moja: kusimamisha kitu kilichokuwa kikitiririka au kikiendelea. Simu inaingia humo pia. "Mzee alikata kuni na tamaa" haipiti, sikio linakataa. Cha pili ni kinyume. Kamba iliyokatika huungwa, umeme uliokatika hurudi. Vinyume viwili, maana mbili, ingawa zote zinakubali -ika.

Cha tatu ndicho wengi wanakiruka, nacho ni unyambuaji. Kamba imekatika, umeme umekatika, lakini mshahara *umekatwa*. "Mshahara umekatika" haisemwi kwa maana ya kupunguzwa, kwa sababu hapo lazima awepo aliyekata. Zaidi ya hilo, fungu la mshahara limezaa nomino yake, *makato*. Huwezi kuita makato vipande vya mti wala saa za giza. Umbo linalozaliwa na fungu moja tu ni ushahidi mzito kuliko mistari mia, na Kiingereza hakiwezi kukupa ushahidi huo.

Sasa angalia tiketi na tamaa, kwa sababu hapa ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Tamaa imesimama peke yake. Kata kwa kawaida haiendi na tumaini, haiendi na ndoto, haiendi na hamu kwa maana hiyo ya kukosa tumaini. Kitenzi chenye mwenzi mmoja tu hakijapata maana mpya. Kilichopata maana ni kile kifungu kizima. *Kata tamaa* iandikwe kama msemo chini ya kidahizo, na fasili yake. Rufaa hivyohivyo, hata kama hazina yako ya matini imejaa rufaa kwa sababu magazeti hupenda habari za mahakama. Wingi wa kutokea hauigeuzi kuwa maana.

Lakini tiketi ina wenzake: bima, leseni, risiti. Vyote ni hati itolewayo baada ya malipo. Hapo kitenzi kimefungua mlango kwa aina nzima ya vitu, na kesho ikiletwa hati mpya ya kulipiwa, watu wataikata nayo. Hiyo ni maana halali, na fasili yake inapaswa kutaja aina hiyo: *pata au toa hati rasmi inayolipiwa*. Jaribu fasili kwa kuiweka ndani ya mistari halisi mahali pa kitenzi. Abiria anayekata tiketi anapata, karani anayemkatia abiria anatoa. Ukiandika "nunua", umeshamwacha karani nje.

Zikipimwa hivyo, maana 23 za kitenzi zitashuka hadi nne: kutenganisha kwa makali, kusimamisha mtiririko, kutoa kiasi katika malipo, na kupata au kutoa hati. Chini yake ifuate misemo: rufaa, tamaa, shauri, roho, kiu. Idadi inaweza kusogea kwa moja, na hilo ni la kawaida. Kuna namna ya kujua mpaka wa uongo: mpe mwenzako mistari 100 ileile na fasili zako bila kumwambia ulivyoipanga. Mahali mnapopishana mara kwa mara, mpaka huo haupo kwenye lugha, uko kichwani mwako. Unganisha. Mistari isiyokaa popote iwe na fungu lake la "bado"; usiilazimishe.

Nomino ni vidahizo vingine, usizitie humu. Kata ya kuwekea mtungi kichwani na kata ya kifuu ya kuchotea maji ni maneno mawili, kila moja na namba yake, kwa sababu hakuna kinachoyaunganisha katika akili ya msemaji wa leo. Matini zako za magazeti huenda hazina hata moja, na hiyo haina maana kwamba yamekufa. Hazina ya matini inathibitisha kilichomo. Kwa kisichokuwemo haina ushahidi. Kwa maneno ya jikoni, shambani na baharini itakubidi uwaulize wasemaji. Kata ya utawala nayo itakudanganya kama umekusanya matini za Dar es Salaam peke yake. Tanzania kata iko chini ya tarafa na ina diwani wake. Kenya anayelingana na diwani huyo ni mwakilishi wa wadi, na kata ni eneo la chifu. Fasili moja ya "eneo la utawala" inatosha, lakini kila upande uwekewe alama ya nchi na maelezo yake, la sivyo msomaji wa Nakuru ataambiwa jambo ambalo si kweli kwake.

Hata katika Cobuild, mradi wa kamusi ya Kiingereza kule Birmingham, chini ya John Sinclair, kazi iliyoanza mwaka 1980 na kutoa kamusi mwaka 1987, kompyuta ilileta mistari na watu wakaisoma. Wanaokwambia kuna njia ya mkato hujaza nafasi hiyo kwa kitu kimoja kati ya viwili: wamenakili kamusi ya zamani na kubadili mpangilio, au wamechukua kamusi ya Kiingereza na kuigeuza kichwa chini. Namna zote mbili hukamatwa kirahisi. Fungua kata kwenye kamusi yao. Ukiona kukata nyasi na kukata nywele zina namba mbili tofauti, huku kukata bima na kukata leseni hazimo kabisa, basi hakuna aliyesoma mstari hata mmoja wa Kiswahili.