Maswali na majibu: Soli iliyoachama

*Fundi, kiatu changu cha ngozi cha kazini kimeachama mbele. Nimetia supa gluu mara tatu, kila mara kinaachia baada ya siku chache. Gundi gani ni kali zaidi?* (Msomaji, Morogoro)

Acha supa gluu. Nimelisema hili hapa mara nyingi na bado ndilo swali linaloongoza. Gundi ile ni kali kweli, ila ikikauka inakuwa ngumu na haipindi. Mbele ya kiatu ndipo kinapojikunja kila unapopiga hatua, kwa hiyo inapasuka vipande vipande na soli inafunguka tena. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inazama ndani ya ngozi na kuikausha. Ukishaitia mara tatu, hata gundi nzuri haina mahali pa kushika mpaka uikwangue yote.

Unayoihitaji ni gundi ya mafundi viatu, ile ya njano ya kopo. Ikikauka inabaki na mvutano, hivyo inapinda pamoja na soli. Lakini kwanza chukua kisu butu na msasa mgumu, namba 60 au 80, uondoe magamba ya supa gluu mpaka uguse ngozi laini yenye nyuzi. Usiimwagie asetoni ukidhani itayeyuka yenyewe. Italainisha magamba kidogo, lakini itang'oa na rangi ya ngozi, na hapo utakuwa na kazi mbili.

*Mimi nilitumia hiyo hiyo gundi ya kopo. Niliosha kwa maji na sabuni, nikaanika juani, nikapaka, nikabana. Imedumu wiki moja. Nakutumia picha.* (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Ahsante kwa picha, dada, maana inasema kila kitu. Tazama gundi ilipobaki. Yote iko kwenye soli, utando mzima wa njano, na upande wa ngozi ni mweupe na unang'aa. Maana yake ni kwamba gundi ilishika mpira ila haikuishika ngozi. Kila mtu ambaye soli yake imebanduka aangalie hapo kabla ya kuilaumu gundi. Ikibaki upande mmoja tu, ule upande mtupu haukuandaliwa. Ikibaki pande zote mbili, maandalizi yalikuwa sawa, ila uliziunganisha gundi ikiwa mbichi au imekauka kupita kiasi, au hukuzigandamiza. Na ukiona soli imetoka na nyuzi za ngozi, gundi ilifanya kazi yake na ngozi yenyewe ndiyo iliyochoka.

Sasa kiatu chako. Kimefunguka kuanzia puani hadi usawa wa kidole kidogo. Usikomee hapo. Ingiza kisu butu taratibu ufungue mpaka utakapokuta soli imeshika kweli, kwa sababu mchanga huwa umeshatangulia mbele ya ule ufa unaouona. Mchanga ukibaki pembeni, soli itaanza kufunguka hapo hapo.

Kabla ya kukwangua chochote, rudisha soli mahali pake, ushike kalamu ya risasi uchore mstari mwembamba kwenye ngozi kuufuata ukingo wa soli. Mstari huo ndio mpaka wako. Msasa ukiupita, utabaki na mkwaruzo unaoonekana nje ambao hata kiwi haiufichi. Usipoufikia, utaacha ukanda wa ngozi usiopigwa msasa pale pembeni kabisa, na pembeni ndipo soli huanzia kuachia.

Gundi ya zamani ing'oe. Inayotoka kwa kidole au koleo itoe, iliyobaki ikwangue kwa kisu. Kisha piga msasa pande zote mbili. Kwenye ngozi unatafuta nyuzi: ule ung'avu wa juu ukiisha, ngozi inakuwa na manyoya mafupi ukipitisha kidole. Hapo simama, usiendelee hadi ngozi iwe nyembamba. Kwenye soli ya mpira unatafuta weusi uliofifia, usio na sehemu hata moja inayong'aa. Pindua kiatu kwenye mwanga, kila doa linalong'aa lirudie. Kazi hii inachukua muda mrefu kuliko kupaka na kubana, na ndiyo watu wanayoiruka.

Maliza kwa brashi kavu kutoa vumbi, halafu kitambaa cheupe chenye asetoni kidogo au spiriti, upanguse mara moja kwa kuelekea upande mmoja. Geuza kitambaa, pangusa tena, mpaka kisitoke na uchafu. Baada ya hapo usiguse kwa vidole, kwa sababu mkono una mafuta.

Kuhusu maji na sabuni: ngozi iliyolowa haishiki gundi, na jua kali linaikakamaza. Ikiwa kiatu kimeloa, kijaze magazeti, kiweke kivulini penye upepo, ukiache siku mbili. Sabuni nayo huacha utando wake. Kwa kazi hii, safisha kiatu kikiwa kikavu.

*Asetoni sina. Petroli inafaa?* (Msomaji, Kahama)

Hapana. Inaacha mafuta, na ni hatari ndani ya nyumba. Hata dawa ya kutoa rangi ya kucha soma kopo lake, nyingi zimetiwa mafuta.

*Napaka gundi kiasi gani na nisubiri muda gani? Kila fundi anasema lake.* (Kijana, Kisauni, Mombasa)

Paka pande zote mbili, safu nyembamba, kwa brashi ngumu au kipande cha kadibodi. Ngozi inakunywa gundi, kwa hiyo safu ya kwanza itazama na kuacha sehemu kavu. Isubiri kama robo saa, kisha uongeze safu ya pili kwenye ngozi. Kwenye mpira mara nyingi moja inatosha. Wanaopaka nene wakidhani ndiyo imara wanakosea: juu inaganda, ndani inabaki mbichi, na soli inateleza.

Muda usiutazame kwenye saa. Gusa kwa mgongo wa kidole. Ikivuta nyuzi, bado. Ikinatanata bila kuhamia kwenye kidole, tayari. Mara nyingi ni dakika 10 hadi 20, ila wewe uko Mombasa, na msimu wa mvua una tabia yake. Dawa inayoruka kutoka kwenye gundi inaipoza, na hewa yenye unyevu inaacha umande juu yake usiouona vizuri. Ukiona gundi inakuwa na weupe kidogo, ni huo. Ukiunganisha hivyo hivyo haitashika. Ipitishie draya ya nywele mpaka weupe uondoke na gundi iwe ya moto kwa kugusa bila kuunguza. Draya inasaidia hata siku ya jua, maana gundi yenye joto inashikana upesi zaidi.

Kuunganisha una nafasi moja. Gundi hii ikigusana haiteleziki tena. Anza pale soli ilipokuwa bado imeshika, ukiilaza kuelekea puani, huku ukifuata ule mstari wa kalamu. Ukianzia puani unaweza kubakiwa na mkunjo katikati, na mkunjo huo ndio mlango wa maji.

Kisha nguvu. Soli haihitaji kubanwa usiku kucha kwa jiwe juu yake, inahitaji kugandamizwa sana mara moja, kila sehemu. Jaza ndani ya kiatu matambara yaliyoshindiliwa au kipande cha mbao kilichochongwa, halafu gonga kwa nyundo kuzunguka ukingo wote, mapigo mafupi yaliyokaribiana. Bila kitu kigumu ndani, nyundo inabonyeza hewa tu. Malizia kwa kuzungushia tyubu ya baiskeli iliyokatwa kama mkanda, uivute kwa nguvu, uanzie puani.

Na tafadhali, fanya kazi mlangoni au nje, mbali na jiko na sigara. Mvuke wa gundi hii unawaka, na kichwa kikianza kuuma umeshavuta vya kutosha. Kopo likifungwa liwekwe mahali ambapo mtoto hafiki. Tunawaona watoto wa mitaani wakiivuta kwenye chupa, na haianzii mbali na nyumba za watu.

*Nimegundisha jana saa mbili usiku, asubuhi nikavaa kwenda kazini, kimefunguka.* (Msomaji, Dodoma)

Subiri saa 24 kamili, na siku ya kwanza usikivae kwenye maji.

*Kiatu cha mwanangu cha shule ni ngozi juu, chini soli nyeusi inayong'aa kama plastiki. Nimepiga msasa kama unavyofundisha lakini gundi inakuwa ulendalenda baada ya wiki.* (Baba, Kakamega)

Msasa uliupiga vizuri, kosa liko kwenye aina ya soli. Hiyo ni PVC. Ndani yake mna mafuta ya kuilainisha, na yanatoka polepole kuingia kwenye gundi ya njano na kuifanya uji. Kwa soli hiyo omba gundi ya poliuretani, ambayo kawaida haina rangi. Safisha soli vizuri kwa asetoni, paka pande zote mbili, iache ikauke mpaka isinate kabisa, halafu iamshe kwa draya ndipo uunganishe. Bila joto haitashika. Muuzaji akikwambia gundi zote ni moja, nenda duka jingine.

*Nilikuwa na viatu vizuri vya harusi, nimevitunza ndani ya boksi miaka mingi. Nimevivaa, soli ikaanza kumeguka njiani. Nibandike na gundi gani?* (Msomaji, Zanzibar)

Hakuna gundi. Hiyo ni soli ya povu la poliuretani, na unyevu wa hewa huivunja taratibu hata kama kiatu hakijavaliwa. Ndani ya boksi lisilopitisha hewa, pwani, inakwenda upesi zaidi. Bonyeza ukucha pembeni: ikibaki alama na kutoa chembe, au ikinata mkononi, imekufa yote, hata sehemu inayoonekana nzima. Ukiibandika itameguka milimita moja juu ya gundi. Kama ngozi ya juu bado ni nzuri, mpe fundi aing'oe yote na kuweka soli mpya ya mpira. Viatu vya aina hiyo ulivyonavyo, vivae.

*Si bora nishone tu kuliko kuhangaika na gundi?* (Msomaji, Mwanza)

Shona baada ya gundi, usishone badala yake. Uzi peke yake unaacha nafasi, mchanga na maji vinaingia, na uzi unasagika kutoka ndani. Fundi anayepitisha msharasi kwenye soli chafu mbele ya macho yako anakuuzia mshono wa miezi michache. Mwambie afungue, akwangue, apake, asubiri, ndipo ashone kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na mshono uzame kwenye mfereji uliokatwa kwenye soli ili usisuguane na lami. Akikataa kukata mfereji, mlipe kazi ya gundi tu.