"Mimi" au "yeye"? Droo moja ya duka, wasimulizi wawili

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko Busia, upande wa Uganda. Nimeandika hadithi fupi kuhusu Isa, kijana anayeiba noti ya elfu hamsini kwenye duka la mjomba wake, na lawama ikamwangukia Wandera, mpakiaji mizigo. Niliiandika kwa "mimi". Mwenzangu akaniambia "yeye" ingefaa zaidi, basi nikageuza kila "ni-" kuwa "a-", lakini tofauti siioni. Tena mwishoni kuna mazungumzo ya Mjomba na mkewe usiku chumbani. Nitumie nafsi ipi?

Jibu: Marahaba. Tofauti hukuiona kwa sababu ulichobadilisha ni viambishi tu. Msimulizi ulimwacha palepale alipokuwa, na habari zilezile mdomoni. Nafsi ni suala la nani anasema, anajua nini, na nini hayuko tayari kukisema. Nimechukua tukio lako la jioni, pale hesabu inapokosa, nikaliandika upya kwa njia mbili. Hii ni ya kwanza, Isa akisimulia mwenyewe:

> Mjomba alihesabu, akanyamaza. Akahesabu tena. Mimi nilikuwa nafagia. Sakafu nilishaifagia tangu alasiri, lakini nilikuwa nafagia. Wandera alisimama mlangoni akikung'uta vumbi la saruji mabegani, anangoja ujira wake wa siku.
>
> "Elfu hamsini haipo," Mjomba akasema. Hakunitazama. "Wandera, mchana ulipokuja kuchukua kamba, nani alikuwa hapa kwenye droo?"
>
> Kamba zinakaa chini ya droo. Kila mtu anajua hilo.
>
> "Hapakuwa na mtu, Haji."
>
> Alisema kweli. Saa hiyo mimi nilikuwa msalani.
>
> "Isa?"
>
> "Mimi sikuwapo, Mjomba." Na hilo pia lilikuwa kweli. Nikaegemea ufagio, uzito wote nikauweka mguu wa kushoto. Noti mpya ina kelele ukiikanyaga.

Angalia kwamba Isa hasemi popote kuwa ameiba. Katika rasimu yako sentensi ya pili kabisa ya tukio hili ilikuwa "Nilikuwa nimeiba pesa za Mjomba na moyo ulinidunda." Hiyo niliifuta. Mtu anayejisimulia jambo la aibu hulizunguka. Hutoa ushahidi wa kweli mmojammoja, akiamini akiupanga vizuri hatahukumiwa. Msomaji anasikia kweli mbili mfululizo na anaanza kuwa na wasiwasi, maana hakuna aliyemuuliza Isa kama anasema kweli. Halafu mguu unamsaliti. Faida kubwa ya "mimi" iko hapa: msomaji anapata kujua kitu ambacho msimulizi hajakubali kumwambia.

Sasa chukua sentensi ileile uigeuze kwa njia yako: "Isa akasema hakuwapo. Na hilo pia lilikuwa kweli." Nani sasa anatuthibitishia kwamba ni kweli? Si Isa tena. Ni msimulizi aliye nje ya hadithi, yule ambaye msomaji humwamini bila kumdai dhamana. Katika nafsi ya kwanza sentensi ile ilikuwa utetezi wa mwizi. Katika nafsi ya tatu imekuwa hati ya mwandishi, na baadaye noti ikionekana kwenye kiatu msomaji atahisi kwamba wewe ndiwe uliyemzunguka. Maneno hayakubadilika, mwenye maneno ndiye aliyebadilika. Ukitaka kujua kama rasimu yako imegeuzwa viambishi tu, tafuta sentensi za namna hii, zile zinazotoa hukumu, sababu au uthibitisho, uulize kila moja ni ya nani. Sentensi za vitendo vitupu, kama "alifagia" au "alihesabu", hazitakuonyesha kitu.

Kuna jambo la pili, nalo ni la lugha yetu hasa. Ukiandika "Nilimtazama, akashusha macho," hakuna anayepotea, kwa sababu "ni-" na "a-" zimewatenga watu wawili. Ukiandika "Alimtazama, akashusha macho," aliyeshusha macho ni nani? Msomaji ataelekea kudhani ni yuleyule aliyetazama, kwa kuwa "-ka-" huendeleza mfululizo wa vitendo, na "a-" haionyeshi kwamba mtendaji amebadilika. Katika duka lako wamo wanaume watatu na wote ni "a-". Rasimu yako ya nafsi ya tatu ina mahali ambapo sikujua kama ni Wandera au Mjomba aliyepiga meza ngumi, na hilo linabadilisha hadithi nzima! Kurudia majina kila sentensi si dawa. Inachosha kama orodha ya mahudhurio. Mpe kila mmoja kitu chake mkononi. Ufagio ni wa Isa, vumbi la saruji ni la Wandera, bunda la noti ni la Mjomba. Ukitaja kitu, mtu wake anajulikana.

Nafsi ya tatu basi inaleta faida gani? Inaleta uhuru wa kuchagua utasimama nyuma ya bega la nani. Wewe ulibaki nyuma ya bega la Isa, ndiyo maana hukupata kipya: ulipoteza sauti yake na hukupewa chochote badala yake. Mimi nimehamia kwa Mjomba. Tukio ni lilelile na maneno wanayosemezana ni yaleyale, ila mwishoni nimemfuata Mjomba hatua moja zaidi, hadi anapofunga bunda:

> Haji Swaleh alijua tangu hesabu ya kwanza. Noti ya elfu hamsini aliipokea mwenyewe saa nne asubuhi, kwa mwenye lori la saruji, na tangu hapo ufunguo wa droo haukutoka mikononi mwa watu wawili. Alihesabu mara ya pili taratibu, noti kwa noti, ili kijana apate muda.
>
> Nyuma yake ufagio ulikuwa unakwangua sakafu safi.
>
> "Elfu hamsini haipo," akasema. Hakugeuka. Akigeuka ataona uso wa dada yake kwenye uso ule, na akishauona itabidi aseme. Mlangoni alikuwapo Wandera, mabega meupe kwa saruji. "Wandera, mchana ulipokuja kuchukua kamba, nani alikuwa hapa kwenye droo?"
>
> "Hapakuwa na mtu, Haji."
>
> Jibu la mtu asiye na hila. Mwenye hila angemtaja mtu.
>
> "Isa?"
>
> "Mimi sikuwapo, Mjomba."
>
> Ufagio ulinyamaza. Swaleh akafunga bunda kwa mpira, akalirudisha ndani. Ujira wa Wandera ulikuwa elfu kumi na tano. Aliuacha ndani ya droo pamoja na zile nyingine.

Ile hadithi ya kwanza ilikuwa ya kijana anayejificha. Hii ni ya mtu mzima anayejua mwizi ni nani na anamlipisha asiyehusika, kwa kuwa mwizi ni mtoto wa dada yake. Hesabu ya pili, ambayo kwa Isa ilikuwa kitisho, kwa Swaleh ni huruma. "Hakunitazama", ambayo Isa aliiona tu bila kuielewa, hapa imepata sababu. Isa hata angesimulia miaka mingi asingeweza kutuambia hayo, labda kwa kukisia.

Utaona pia kwamba jina limebadilika. Isa anamwita "Mjomba", Wandera anamwita "Haji", msimulizi wa pili amemtambulisha kama Haji Swaleh, halafu akabaki na "Swaleh" tupu. Jina ndilo linalomweleza msomaji umesimama wapi. Ukiandika kwa nafsi ya tatu, uko karibu na Swaleh, halafu ukateleza ukamwita "Mjomba" katika simulizi, umemrukia Isa bila kutaka.

Kurukaruka huko ndiko kosa ninalolikuta zaidi katika hadithi fupi za nafsi ya tatu. Mwandishi anaona mlango uko wazi, anaingia kichwani mwa kila mtu: Isa aliogopa, Swaleh alijua, Wandera alishangaa, yote katika aya moja. Msimulizi ajuaye yote anaruhusiwa, lakini anahitaji nafasi na sauti yake mwenyewe inayosikika tangu sentensi ya kwanza. Katika kurasa 6 zako asingeenea. Wandera katika tukio hili ana nguvu kwa sababu hatumwingii kichwani. Tunaona mabega yake na kusikia maneno manne tu.

Kwa upande wa "mimi", angalia mambo anayoyaona Isa ambayo hawezi kuyaona. Uliandika "uso wangu ulisawijika." Nani alimwonyesha? Anaweza kuhisi joto masikioni au ulimi kukauka, lakini sura yake ni mali ya waliokuwa wanamtazama. Jiulize pia anasimulia lini. Isa wa jioni ileile hajui kitakachompata Wandera. Isa mwenye duka lake, miaka ishirini baadaye, anajua, na kila sentensi yake inabeba ujuzi huo hata asipoutaja. Rasimu yako inachanganya wote wawili: kuna mahali anashangaa Wandera hakulipwa, na kuna mahali anasema "ndivyo nilivyomponza." Mchague mmoja.

Sasa kuhusu yale mazungumzo ya chumbani. Ukibaki na "mimi", Isa hana njia ya kuingia humo. Usimbanze ukutani asikilize; hila hiyo msomaji anaijua na itaonekana umeishiwa. Unaweza kumfanya mkaza mjomba amsimulie baadaye, lakini hapo itakuwa habari ya kuambiwa, tena na mtu mwenye sababu zake za kuisema. Au uyafute kabisa, na hadithi iishie dukani.

Mimi ningeyabakisha, na ningeandika kwa nafsi ya tatu kupitia Swaleh. Rasimu yako yenyewe inavutwa huko. Aya zako nzuri zaidi ni zile za chumbani, Swaleh anapomwambia mkewe kwamba "Wandera atapata kazi kwingine," na mkewe hamjibu. Ukikubali hivyo, aya mbili za kwanza, Isa anapoamka na kutembea hadi dukani, ziondoke. Swaleh hakuwa naye njiani. Anza na mwenye lori la saruji akitoa noti, na droo ikifunguliwa kuipokea.