Futa hilo jibu, mkono mgongoni si infraspinatasi

"Wakuu, Ijumaa nina testi ya anatomia ya bega. Swali la mwaka jana: mgonjwa kaweka mkono nyuma ya kiuno, akiambiwa autenganishe na mgongo hawezi; msuli gani umeumia? Nimejibu infraspinatasi kwa kuwa uko nyuma na mkono unasukuma nyuma. Niko sawa? Na mingine mitatu ya ile misuli minne inayozungusha bega inapimwaje?"

Futa hilo jibu sasa hivi. Ni sabskapularisi. Nimeshtuka kwa sababu niliandika hivyo hivyo, kwa hoja hiyo hiyo, nikala sapu.

Tulipewa desa na kaka mmoja wa mwaka wa juu yetu. Lilikuwa na mstari unaosema misuli ya mbele hupeleka mkono mbele na ya nyuma huupeleka nyuma. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Alituuzia desa lile, hela yetu akala, na nusu ya darasa tukaingia nalo kwenye mtihani.

Sapu niliifanya ikapita. Kilichoniuma zaidi kilikuja kwenye mafunzo ya vitendo. Alikuja fundi rangi, mtu wa miaka hamsini hivi. Alikuwa amesimama kwenye daladala, mkono umeshika bomba la juu, dereva akakanyaga breki ghafla. Mwili ukaenda, mkono ukabaki, bega likapinduka kwa nje. Akaniambia, "Mwanangu, nashindwa hata kuchomekea shati nyuma." Mimi nikasikia neno "nyuma" tu, nikaandika infraspinatasi. Wiki tatu nikampa mazoezi ya kuzungusha mkono kwenda nje kwa kamba ya mpira, yaani nilikuwa nalivuta lile lile kano lililoumia. Msimamizi alipompima upya alimwambia abonyeze tumbo kwa kiganja huku kiwiko kikiwa mbele. Kiwiko kikarudi nyuma na kifundo cha mkono kikakunjika, maana alikuwa anabonyeza kwa kuvuta bega lote nyuma. Halafu akamlegezea mkono na kuuzungusha nje yeye mwenyewe: ukaenda mbali kuliko ule mzima. Kilichokuwa kinauzuia hakikuwepo tena. Ultrasaundi ikaonyesha kano la sabskapularisi limechanika.

Sasa shika hili moja: usiangalie kiganja kinaelekea wapi, angalia mfupa wa juu wa mkono unazunguka kwenda wapi, na kano limeshika upande gani wa mfupa huo.

Jaribu hapo ulipokaa. Bana kiwiko ubavuni, kikunje nyuzi 90. Mkono wa chini sasa ni kama mpini wa spana, na mfupa wa juu ndiyo nati. Peleka kiganja tumboni: nati imezunguka ndani. Endelea kuuzungusha upande huo huo, tumbo linakuzuia, kwa hiyo pitisha mkono nyuma ya kiuno. Mzunguko ni ule ule wa ndani, umeendelea tu. Ukiutenganisha na mgongo, unaumalizia. Kiganja kinaenda nyuma, mfupa unazunguka ndani. Sabskapularisi umelala kati ya kombe la bega na mbavu, kano lake linapita mbele ya kiungo na kushika kinundu kidogo, mbele ya mfupa. Kano la mbele likivuta, mfupa unageuka ndani. Hakuna mwingine kati ya wale minne unaofanya hivyo.

Angalizo kabla hujakitumia kipimo hiki cha mkono mgongoni kwa mgonjwa. Asiyeweza kufikisha mkono kiunoni kwa maumivu au kukakamaa, kipimo hicho hakikuambii chochote. Tumia cha kubonyeza tumbo. Na anayeweza kuufikisha mgongoni, mwangalie kiwiko anapoutenganisha, maana wengine wanakinyoosha na unadhani wameweza.

Mitatu iliyobaki inashika kinundu kikubwa, na kanuni ni hiyo hiyo. Supraspinatasi unapita juu, kwa hiyo unanyanyua: mikono ipandishwe mpaka usawa wa bega, mbele kidogo ya ubavu, dole gumba chini, wewe ugandamize. Akilalamika maumivu tu bila kulegea, usikimbilie kusema umechanika. Infraspinatasi uko nyuma, unazungusha nje: kiwiko ubavuni, akusukume kwenda nje. Teresi maina uko chini yake na unazungusha nje pia, ila unaupima mkono ukiwa umenyanyuliwa nyuzi 90 na kiwiko kimekunjwa, kama mtu anayepiga baragumu. Asipoweza kuushikilia hapo, ukaanguka mbele, mshuku huo.

Na wakikuwekea teresi meja kwenye machaguo, usidanganyike na jina. Haumo kwenye hiyo minne. Nao unazungusha ndani, kwa hiyo watunga maswali wanapenda sana kuuweka jirani na sabskapularisi kwenye swali hilo hilo la mkono mgongoni.